Maneno yanayokaa chini ya picha yoyote

Swali: Chini ya picha ya dada yangu nimeandika: "Maneno hayatoshi kueleza ulivyo muhimu kwangu. Wewe ni nguzo yangu, umekuwa nami katika shida na raha. Heri ya siku ya kuzaliwa, dada." Rafiki yangu anasema hayo ni maneno ya kila mtu. Nitayatambuaje, na niweke nini badala yake? Dada huyu ndiye aliyekuwa akisoma barua zangu zote za kuomba kazi kabla sijazituma.

Jibu: Ichukue kila sentensi, uiweke chini ya picha ya mtu mwingine: mama, mwalimu, rafiki wa zamani. Ikikaa vizuri bila kubadilishwa neno, bado haijamgusa dada yako. "Wewe ni nguzo yangu" inakaa chini ya picha zote hizo, na "shida na raha" vilevile.

Tazama pia vitenzi. Katika rasimu yako dada "ni" nguzo, "ni" muhimu, "amekuwa" nawe, lakini hakuna pahali anapotenda jambo. Wengi wakigundua hilo hubadilisha nomino tu, nguzo ikawa mhimili au taa, na sentensi ikabaki ilivyokuwa. Kinachohitaji kubadilika ni kitenzi.

Basi iulize rasimu: shida ipi? Jibu umeshaniandikia mwenyewe, lile la barua za kazi, na kwangu mimi ndilo neno zuri kuliko yote uliyoyaweka chini ya picha. Ila "barua zote" bado ni muhtasari. Chagua moja unayoikumbuka, kisha tumia -li- kuweka tukio mahali pake na -ka- kusogeza vitendo kimoja baada ya kingine:

"Ulisoma barua yangu saa sita usiku, ukafuta aya nzima niliyoomba radhi kwa kukosa uzoefu, ukaniambia, 'Tuma sasa.' Heri ya siku ya kuzaliwa, dada."

Saa, aya na kauli hiyo nimeziweka kwa mfano. Wewe andika zile zilizotokea kweli, hata kama ni za kawaida zaidi. Jambo la kubuni dada atalitambua mara moja.

Utaona heri ya siku ya kuzaliwa nimeiacha ilivyo. Hiyo ni salamu, na salamu haidaiwi upya, kama vile "pole" haidaiwi upya kwa mfiwa. Kinachodaiwa upya ni ile sehemu inayojidai kumweleza mtu.

Ukishaandika tukio, utatamani kuongeza "huo ndio upendo wa kweli" mwishoni. Usiiongeze. Msomaji ameshamwona dada akifuta ile aya, na sentensi hiyo ya nyongeza inakurudisha kwenye maneno ya kila mtu.