Asimtoti mlalo INAKATWA, acheni kupinda grafu

> "Wakuu, nachora grafu ya f(x) = (x² + 2x − 3)/(x² − 4). Asimtoti mlalo ni y = 1, ila nikiunganisha nukta, mkunjo unaikata. Niupinde usiiguse, au nimekosea hesabu?"

Usiupinde! Hesabu zako ziko sawa, kilichooza ni kanuni uliyokaririshwa. Mwalimu wetu wa tuisheni naye alituimbisha kwamba mkunjo haugusi asimtoti, basi. Darasa zima tukaingia kwenye mtihani tunapinda mikunjo, alama zikaondoka, na mpaka leo inaniuma kwa sababu alibakiza neno moja tu: wima.

Asimtoti wima ndiyo haikatwi. Kwenye x = 2 na x = −2 asili ni sifuri, fanksheni haina thamani, kwa hiyo hakuna nukta ya kuweka pale. Asimtoti mlalo haizuii kitu. Inasema tu mkunjo unaelekea wapi x ikienda mbali sana kulia au kushoto. Huku katikati mkunjo uko huru.

Tazama namba zako mwenyewe. f(−1) = 4/3, juu ya mstari. f(0) = 3/4, chini yake. Kati ya −1 na 0 hakuna asimtoti wima, mkunjo haujakatika popote. Utashukaje kutoka 4/3 hadi 3/4 bila kupita kwenye 1? Ukiupinda umechora fanksheni nyingine.

Sasa shika hii: GAWANYA, UANGALIE BAKI. Gawanya kiasi kwa asili, unapata

f(x) = 1 + (2x + 1)/(x² − 4)

Ile sehemu ya pili ndiyo tofauti kati ya mkunjo na mstari. Mkunjo unakata pale baki linapokuwa sifuri: 2x + 1 = 0, yaani x = −1/2. Hakikisha: −3.75 ukigawanya kwa −3.75 ni 1. Nukta yako ni (−1/2, 1). Ishara ya sehemu hiyohiyo inakwambia mkunjo unaujia mstari kutoka upande gani: f(10) ni kama 1.22, unashuka kutoka juu. f(−10) ni kama 0.80, unapanda kutoka chini.

Kanuni ile mbovu inaaminika kwa sababu mifano ya mwanzo ni kama (2x + 1)/(x − 3), ambayo ni 2 + 7/(x − 3). Baki ni 7, haliwi sifuri kamwe, ndiyo maana haikati.

Halafu rahisisha kwanza kabla ya kugawanya. (x² − x)/(x² + x − 2) ukiilinganisha na 1 moja kwa moja inakupa x = 1, lakini pale asili nayo ni sifuri. Ni tundu kwenye grafu. Ukifuta (x − 1) juu na chini inabaki x/(x + 2), ambayo ni 1 − 2/(x + 2), na hiyo haikati popote.