Mwanga wa ukingoni kwa mtu aliyekatwa kutoka picha nyingine

"Nimemweka mtu mbele ya machweo, lakini bado anaonekana amebandikwa. Nifanyeje kingo zake?"

Katika Photoshop, fungua leya mpya juu ya leya ya mtu huyo, uibane kwa Create Clipping Mask, kisha uchague Screen kwenye orodha ya Blend Mode ili rangi iangaze badala ya kufunika. Chukua rangi ya chungwa kutoka anga iliyo karibu na bega lake, si katikati ya jua, ambako mara nyingi ni weupe mtupu, na upake kwa brashi laini yenye Opacity ya asilimia 15 hivi, upande unaoelekea jua pekee. Nywele na bega hupata mstari mwembamba, mkali. Shavuni rangi huingia hafifu na kufifia. Mstari ukizunguka mwili mzima kwa unene uleule, hapo umechora fremu: futa upande wa kivuli.