Marupurupu ya safari: hiyo elfu kumi yako ya siku imeenda wapi?

Juzi dada mmoja wa Mombasa amenitumia picha ya hati yake ya mshahara, akiuliza mbona PAYE imeruka mwezi ambao alienda kazi Kisumu siku 5. Ofisi yake ilikuwa imempa 12,000 kwa kila siku, pesa za kulala, kula na nauli za huko mjini. Mimi nimekalia meza ya mishahara miaka mingi, nikaona tatizo kabla hata hajamaliza kueleza (nijisifu kidogo jamani, hii kazi hakuna mtu hukupigia makofi).

Sikizeni. Ukiwa nje ya kituo chako cha kawaida kwa kazi ya mwajiri, kuna kiasi cha kila siku ambacho sheria inakihesabu kama pesa ya matumizi ya safari tu. Zamani kilikuwa 2,000, na tangu Julai 1, 2025 ni 10,000. Ikizidi hapo, ile ziada ndiyo inaongezwa kwa mshahara unaotozwa kodi. Kwa huyu dada ziada ni 2,000 kwa siku, siku 5 ni 10,000, basi. Lakini sistimu ya kwao bado ilikuwa inatoa 2,000 ile ya zamani, kwa hivyo ikamwekea ziada ya 50,000! Hiyo ni 40,000 isiyofaa kuguswa, na kwa vile mshahara wake uko kwa ngazi ya asilimia 30, wamemkata 12,000 za bure.

Sasa msichanganye mambo, hapa ndio watu huja kunibishia. Marupurupu ya nyumba na ya nauli ya kila mwezi, yale ya kutoka nyumbani kwenda kazini, hayana kiwango cha kusamehewa, yanatozwa yote. Chakula nacho kina kiwango chake, 5,000 kwa mwezi, lakini ni chakula chenyewe, cha kantini ya ofisi au cha muuzaji aliyesajiliwa kulipa kodi. Ukipewa pesa mkononi ujinunulie chapati, hiyo ni mshahara tu.

Kwa hivyo ukitoka safari, weka barua ya kukutuma yenye tarehe, halafu mwezi ukiisha usiangalie pesa ya mwisho peke yake, angalia mstari wa mapato yanayotozwa kodi na uulinganishe na wa mwezi ambao hukusafiri. Tofauti isizidi ile ziada. Ikizidi, nenda kwa watu wa mishahara na hesabu imeandikwa kwa karatasi, na ukiambiwa "sistimu ndio imekata", usiondoke, sistimu haijiwekei viwango yenyewe.

Dada amerudishiwa zake kwa mshahara uliofuata. Wewe ambaye mwaka umekwisha, hakikisha P9 imerekebishwa kabla hujajaza ritani kwa iTax, na mwisho ni Juni 30, kwa sababu ukidai marejesho huku P9 bado ina ile hesabu mbaya, KRA watafuata ya P9.