Maswali na Majibu ya Gofu: Ridhaa, Kulipwa, na Ile Bahasha ya Neti

"Nina handikapu 2 na maproo wawili wa klabu yetu nawafunga nikitaka. Bado nahesabiwa mchezaji wa ridhaa?" (Nakuru)

Ndiyo, na hata ukishuka hadi sifuri utabaki hivyo hivyo. Ridhaa haipimwi kwa ubora wa mchezo. Unaipoteza kwa kupokea zawadi isiyoruhusiwa, kuingia mashindano kama proo, kulipwa kwa kufundisha, kuajiriwa kama proo wa klabu au wa uwanja wa mazoezi, au kujiunga uanachama na chama cha maproo. Kuna maproo wanaopiga 80 kila Jumapili na bado ni maproo, maana waliisaini karatasi.

"Kampuni iliandaa gofu dei, nikashinda neti, nikapewa bahasha ya shilingi 30,000. Wenzangu wananitisha. Kuna kosa gani kwa hela ndogo hivyo?" (Nyali)

Wenzako wako sahihi, na udogo wa hela haukuokoi. Swali hili naletewa kila msimu wa gofu dei za makampuni, na kila mara muulizaji hutaja kiasi kwanza, kana kwamba tunazungumzia ushuru. Jambo la kwanza la kujiuliza ni aina ya shindano.

Kanuni za Hadhi ya Ridhaa zinazotumika sasa, za R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, zilianza tarehe 1 Januari 2022, na zinayatenga mashindano mafungu mawili. Kwenye shindano la skrachi au grosi, yaani la mapigo halisi bila kukatwa handikapu, mchezaji wa ridhaa anaweza kupokea zawadi yoyote, pesa taslimu ikiwemo, mradi isizidi pauni 700 au dola 1,000 za Marekani kwa shindano moja. Kwenye shindano la handikapu, yaani la neti, ambako handikapu yako hukatwa kwenye mapigo, pesa hairuhusiwi kabisa, hata shilingi mia. Zawadi isiyo pesa inaruhusiwa, kwa kikomo kile kile. Chama cha taifa kinaweza kuweka kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo waulize wa kwenu kabla hujaanza kunihesabia dola.

Sababu ya kutenganisha ni rahisi. Handikapu ni namba unayoijenga mwenyewe kwa kadi unazowasilisha. Weka pesa mbele ya neti, na kesho utaona watu wa handikapu 18 wanaocheza kama wa 9 siku ya zawadi tu. Hao tunao tayari, hata bila bahasha.

Sasa tuichukue gofu dei ya mfano. Mshindi wa grosi amepewa shilingi 100,000 taslimu. Hiyo ni skrachi, na kwa viwango vya siku hizi dola 1,000 inakaribia shilingi 130,000 za Kenya, basi yuko salama. Mshindi wa neti amepewa 30,000 taslimu na hayuko salama, ingawa kapata chini ya theluthi ya mwenzake. Wa pili wa neti kapewa televisheni ya 70,000: hana shida. Wa tatu wa neti kapewa likizo ya watu wawili Diani yenye thamani ya 180,000: amevuka kikomo, ingawa hajashika senti. Na asije akaniambia hoteli ilimpa mdhamini kwa nusu bei, maana thamani inayohesabiwa ni bei ya kawaida ya sokoni siku ile, siyo ile aliyolipa mdhamini. Vikombe, medali na ngao za kumbukumbu havimo kwenye hesabu hii.

Kisha kuna lile jambo linalosahaulika kila mara: kikomo ni cha shindano zima. Ukishinda grosi, ukapata pia zawadi ya dreva ndefu zaidi kwenye shimo la 9 katika raundi hiyo hiyo, vyote vinajumlishwa.

Kosa liko kwenye kupokea, haliko kwenye kushinda. Ungeweza kuikataa bahasha palepale mezani, na ridhaa yako ingebaki. Kwa kuwa umeshaichukua, mwandikie katibu wa chama chako cha gofu, eleza ilivyokuwa, nao watakuambia hatua. Usingoje mtu akuchome siku unayojiandikisha kwa ubingwa wa taifa.

Waandaaji nao nina neno nao. Ninyi ndio mnaoiweka bahasha mezani, kisha mchezaji ndiye anayepoteza hadhi wakati ninyi mnarudi ofisini na picha zenu. Andikeni kwenye fomu kabla ya siku: zawadi hii ni ya grosi, hii ni ya neti, thamani yake ni hii. Mkitaka kumpa mshindi wa neti kitu cha 30,000, mpeni kuponi ya kununulia vifaa kwenye duka la proo. Mdhamini anatumia kiasi kile kile na hakuna anayeumia.

"Mbona jamaa huku kwetu aliondoka na gari zima na bado anacheza ridhaa? Au sheria ni ya wanyonge?" (Entebbe)

Bila shaka alitumbukiza mpira kwa pigo moja kutoka tii. Zawadi ya pigo hilo haina kikomo, hata likipigwa katikati ya shindano, ilimradi umbali ni yadi 50 au zaidi. Pesa taslimu kwa ajili yake iliruhusiwa tangu 2012, kabla ya mabadiliko ya juzi. Shindano la kupiga mbali tu, au la kuputi tu, lililo peke yake nje ya raundi, nalo halibanwi na kikomo. Hiyo dreva ndefu ya shimo la 9 niliyoisema juu inabanwa kwa sababu imo ndani ya raundi.

"Mimi ni kedi, nalipwa kila siku na wachezaji. Ni proo?" (Lugalo, Dar es Salaam)

Hapana. Unalipwa kwa kubeba mfuko na kusoma mteremko wa grini. Ukianza kulipwa kwa kumrekebishia mwanachama mkono wake wa kushoto, tutaongea tena.

"Jumamosi nawafundisha watoto wa wanachama. Wazazi hunipa nauli na kitu kidogo. Mimi ni wa ridhaa." (Dar es Salaam)

Ulikuwa, ndugu yangu. "Kitu kidogo" kwa somo ni malipo ya somo, na malipo ya kufundisha hufuta ridhaa hata yakiwa soda na chapati za kila wiki. Milango iliyo wazi ni michache. Chama cha taifa kinaweza kuidhinisha programu ya kufundisha, nawe ukalipwa ndani yake. Mwajiriwa wa shule au chuo anaweza kufundisha gofu mradi kazi hiyo iwe chini ya nusu ya majukumu yake. Na unaweza kulipwa kwa maandishi au video za mafunzo zinazoelekezwa kwa watu wote, bila kumsahihisha mtu mmoja mmoja. Nenda chamani uombe idhini ya maandishi. Klabu nyingi zinahitaji sana watu wa kufundisha watoto, na idhini hiyo si ngumu kama mnavyodhani. Tatizo ni kwamba hakuna anayeiomba.

"Kampuni inataka kunipa viatu, fimbo na posho ya safari, nibandike jina lao kwenye kofia. Nikubali?" (Arusha)

Kubali. Tangu 2022 udhamini umefunguliwa, na unaweza kunufaika na jina na sura yako. Lakini usome mkataba: ukikuta kifungu cha bonasi ukishika nafasi ya kwanza, hiyo ni zawadi ya ushindi iliyovaa kofia ya udhamini, nayo inarudi kwenye kikomo.

"Mtu wa ridhaa akishinda mashindano ya maproo, pesa yake inaenda wapi?" (Kisumu)

Inaenda kwa proo aliyemaliza karibu naye zaidi. Mwaka 2009 Shane Lowry, kijana wa miaka 22, alishinda Irish Open pale Baltray akiwa wa ridhaa, baada ya mashimo ya ziada dhidi ya Robert Rock. Rock alishindwa, akaondoka na euro 500,000. Januari 2024 Nick Dunlap, mwanafunzi wa chuo cha Alabama mwenye miaka 20, alishinda The American Express huko California, akiwa wa kwanza wa ridhaa kushinda kwenye PGA Tour tangu Phil Mickelson mwaka 1991. Dola 1,512,000 zikaenda kwa Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini, aliyekuwa wa pili.

Watu huishia hapo wakimsikitikia Dunlap. Pesa hakupata, lakini ushindi ulihesabika, na ushindi huo ulimfungulia uanachama wa PGA Tour. Siku chache baadaye akawa proo, akiingia kwa mlango ambao wengine huutafuta miaka mingi. Lowry naye aligeuka proo muda mfupi baada ya Baltray.

Vijana wetu wanaopewa nafasi za ridhaa kwenye Kenya Open wajue hili kabla ya Alhamisi. Ukipita mchujo wa Ijumaa, jina lako linabaki ubaoni, pesa ya nafasi yako hupewi.

"Nina miaka 19, handikapu plas 1. Nataka kugeuka proo mwaka huu. Nikishindwa nitarudi ridhaa, si ndiyo?" (Thika)

Kurudi kunawezekana, ila siyo kama kubadilisha fulana. Unaomba kwa chama cha taifa, nao ndio huamua muda wa kusubiri. Katika muda huo wewe si wa ridhaa, kwa hiyo huwezi kuingia mashindano ya ridhaa wala kuchukua zawadi zao, na huku unatakiwa kuishi kwa kanuni za ridhaa. Aliyecheza kulipwa miaka mingi asitegemee kuhudumiwa haraka kama aliyejaribu miezi miwili.

Hesabu kwanza unachokiacha siku unapojaza fomu kama proo. Unaacha timu ya taifa ya Eisenhower Trophy, shindano la dunia la timu za ridhaa, na ubingwa wa ridhaa wa nchi yako. Unafutwa kwenye orodha ya dunia ya wachezaji wa ridhaa, ile inayosomwa na makocha wa vyuo. Unaacha pia Africa Amateur Championship, iliyoanza mwaka 2024 pale Leopard Creek, Afrika Kusini. Mshindi wake hupata nafasi ya The Open, na nafasi hiyo hudumu tu akiwa bado ni wa ridhaa. Kwa mtu wa miaka 19 kutoka Thika sijui njia fupi zaidi ya kufika kwenye mashindano hayo.

Tena hulazimiki kugeuka proo ili ujipime. Shule ya kufuzu ya DP World Tour, yaani mashindano ya kuwania nafasi kwenye ziara hiyo ya maproo, hupokea wachezaji wa ridhaa. Nenda ukiwa wa ridhaa, na ukifuzu ndipo usaini. Ninaowaona wakigeuka wakiwa na plas 1 huwa wanafuata hadhi ya neno "proo", kisha hulipa wenyewe karo ya kuingia mashindano, na karo hiyo haiwarudii.

"Nikifuata kanuni zote hizi, niko salama kwa ufadhili wa chuo Marekani?" (Nairobi)

Siyo lazima. Chama cha gofu kinaangalia ridhaa ya gofu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ina kanuni zake za nani anastahili kuchezea chuo, na zimekuwa zikibadilika sana miaka hii. Bahasha ya grosi iliyo halali Muthaiga inaweza kukuletea maswali chuoni. Mwandikie ofisa wa kanuni wa idara ya michezo ya chuo unachokilenga, taja kiasi, shindano na tarehe, na utunze jibu lake. Kocha anayekuambia "hakuna shida" kwa simu siye atakayeulizwa.