Kwa nini kichwa kinagonga saa 4 asubuhi na si saa 6 usiku

"Wakuu, Jumamosi nilipiga bia sita, nikaanza saa 12 jioni nikalala saa 6 usiku. Nikashtuka saa 9 usiku moyo unaenda mbio, usingizi ukakata. Saa 4 asubuhi kichwa kinagonga, kichefuchefu, mwili umelegea. Maji lita 2 nimekunywa lakini wapi. Hii hangova inasababishwa na nini hasa, na dawa gani inafanya kazi kweli? Niko Tabora mjini."

Mkuu, mimi ni tabibu wa zahanati wilaya ya Urambo, na nimekunywa pombe miaka kumi na minne kabla ya kuacha. Jibu lako limo kwenye hizo saa ulizoandika, kwa hiyo tuzifuate.

Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Sita ni gramu 120. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi kwa kuoga maji baridi wala kwa kahawa. Gawanya mwenyewe: saa 12 hadi 17. Kwa kuwa ulianza saa 12 jioni, pombe ilikwisha damuni mahali fulani kati ya saa 12 asubuhi na saa 5. Hangova huwa kali zaidi pale kilevi kinapokaribia sifuri, ndiyo maana saa 6 usiku ulikuwa unacheka na saa 4 asubuhi umeshika kichwa.

Sasa hiyo saa 9 usiku. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo hujibu kwa kujichochea ili usizimike kabisa. Pombe inapopungua usiku wa manane, kile kituliza kinaondoka lakini uchochezi unabaki. Ndipo unashtuka, moyo unaenda mbio, jasho, wasiwasi usio na sababu. Nusu ya kwanza ya usiku unalala kama gogo, ila usingizi wa ndoto unabanwa. Nusu ya pili inakatika-katika. Kwa hiyo muda wote uliokaa kitandani haukuwa usingizi kamili. Nilipokuwa nakunywa niliandika kwenye daftari saa ninazoshtuka, na siku nilizoshtuka mapema zaidi ndizo nilizoshindwa kufanya lolote kesho yake. Sehemu kubwa ya ule ulegevu na uzito wa akili ni usingizi ulioibiwa, na dawa yake ni kulala tena mchana pombe ikishatoka.

Kuhusu maji. Ni kweli pombe huzuia ile homoni inayoyaambia mafigo yabanie maji, ndiyo maana unakojoa kuliko ulivyokunywa. Kinywa kikavu, kiu na kizunguzungu ukisimama ghafla vinatoka huko, na maji au ORS vitaviondoa. Ila watafiti walipopima damu za watu wenye hangova, kiasi cha maji na chumvi kilichopotea hakikulingana na ukali wa hangova yenyewe. Upungufu wa maji na hangova vinakwenda pamoja bila kimoja kuwa mzazi wa kingine. Nami niliwahi kunywa glasi ya maji baada ya kila chupa usiku mzima: kiu haikuwepo asubuhi, kichwa kilikuwa kile kile. Lita zako 2 zilifanya kazi yake, ila haikuwa kazi uliyoitaka.

Wengi watakuambia ni sumu ya asetaldehidi. Ipo. Ini hugeuza pombe kuwa asetaldehidi kwanza, kisha kimeng'enya cha pili huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Asetaldehidi ikirundikana uso hupiga wekundu, moyo hudunda na kichefuchefu huja wakati bado unakunywa. Ndivyo inavyowapata watu wengi wa Asia Mashariki ambao kimeng'enya chao cha pili ni dhaifu. Kwa wengi wetu inasafishwa haraka, na kufikia saa 4 asubuhi imebaki kidogo mno kuweza kulaumiwa moja kwa moja. Inachoacha ni majeraha yake ya usiku: kinga ya mwili inaamka na kutoa kemikali zile zile zinazotolewa ukiwa mgonjwa. Hamu ya kula inakufa, viungo vinauma, mwili unataka kujilaza. Hapa vipimo vimeonyesha uhusiano: kemikali hizo zikiwa nyingi, mtu hujisikia vibaya zaidi.

Ndiyo maana dawa pekee ninayoweza kuitetea kidogo ni ya jamii ya ibuprofeni, kwa kuwa hutuliza kinga hiyo iliyoamka. Moja ya jamii hiyo ilijaribiwa mwaka 1983 ikapunguza maumivu ya kichwa. Ni kidonge kimoja, baada ya kula, na usiiguse kama una vidonda vya tumbo au unatapika, maana pombe imeshalichubua tumbo. Parasetamo naiogopa zaidi asubuhi hiyo: kwa mtu anayekunywa karibu kila siku na asiyekula vizuri, ini hugeuza sehemu kubwa zaidi ya dawa kuwa sumu. Mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio 21 ya tiba za hangova yaliyolinganishwa na dawa bandia, wakakuta ushahidi wote ni dhaifu sana.

Supu ya makongoro na chapati kula tu. Pombe huzuia ini kutengeneza sukari, kwa hiyo chakula kinarudisha nguvu, lakini hakiondoi pombe. Na asali yetu, ambayo huku watu wanainywa asubuhi baada ya wanzuki: sukari yake inaweza kuharakisha kidogo uchomaji wa pombe ikinywewa kwa wingi, ila haijaonekana kupunguza hangova.

Kuzimua kunafanya kazi, na ubaya wake ndio huo. Bia ya saa 4 inaurudishia ubongo kituliza chake, na ini linaacha mabaki mengine kushughulikia pombe mpya. Umeahirisha tu hadi jioni. Ukiona unazimua kila wikiendi, au mikono inatetemeka hadi uonje, njoo kituoni tuongee. Hapo si hangova tena.

Aina ya kinywaji nayo ina neno lake. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, waliokunywa wiski ya rangi walijisikia vibaya kuliko wa vodka kwa kilevi kile kile, ingawa usingizi na umakini wao uliharibika sawa. Gongo ni hatari ya aina nyingine: ikiwa na methanoli, mtu huamka na macho yanaona ukungu, tumbo linauma na anapumua kwa kasi, hata saa 12 hadi 24 baadaye. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Jambo moja nakuomba, kwa kuwa uko Tabora. Shemeji yangu alikunywa Jumamosi, Jumapili kichwa, Jumatatu bado kichwa na mwili unauma, wote tukasema ni pombe, hata mimi. Jioni nikamshika shingo, ikawa ya moto. Kipimaji kikasoma 38.9, na kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili. Hangova haileti homa ya kweli na haivuki siku nzima baada ya pombe kuisha. Mkoa wetu ni kati ya yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo kichwa chako kikifika kesho bado kinagonga, pita kituo cha karibu wakutoboe kidole.