Stika juu ya stika: nilivyoandika TBS kuhusu makopo ya maziwa

"Wakuu, nina duka la jumla Lindi mjini. Nimeletewa katoni ambazo lebo zake zina stika juu ya stika. Nataka kuwaandikia TBS au forodha na kuwatumia picha. Niandikeje, nisije nikaonekana mimi ndiye mhusika?"

Mkuu, mimi niko Mtwara, karibu na Soko Kuu, na yalinikuta. Ilikuwa msimu wa korosho, malipo yametoka, watu wananunua, mzigo ukija unashusha tu bila kukagua. Nikaletewa katoni 20 za maziwa ya unga, kila moja makopo 24. Kijana wangu ndiye aliyeona stika nyeupe ya katoni moja imeinuka pembeni, chini yake kuna herufi EXP na namba iliyokatika.

Kosa ambalo karibu nilifanye ni kuibandua. Usiibandue. Ukishaibandua, mwenye mzigo atasema ni wewe uliyeibandika. Iache ilivyo, piga picha.

Nilichofanya ni kuwasha tochi ya simu ya pili na kuishika ubavuni, imelala sambamba na lebo, flashi ya kamera nimezima. Flashi inamulika usoni, kopo linang'aa, huoni kitu. Mwanga wa ubavuni ndio ulioonyesha kingo za stika ya chini. Nikageuza makopo: kitako cha kopo kinang'aa, lakini pale penye tarehe pamefifia kama pamesuguliwa na kitambaa cha thina, na vidoti vya tarehe mpya vimekaa upande. Halafu namba ya bechi: stika ya katoni inasema bechi moja, ndani nikakuta makopo ya bechi mbili tofauti. Hapo sikuwa na shaka tena.

Picha zipange zisimulie zenyewe. Nilibandika selotepu ya karatasi kwenye katoni tatu nikaandika 1, 2, 3 kwa maka peni. Kwa kila katoni nikapiga rundo lote kwanza namba ikionekana, kisha upande mzima wenye lebo, kisha lebo kwa karibu na rula pembeni, mwisho kopo lililotoka humo humo. Picha ya lebo peke yake haina kwao, inaweza kuwa ya duka lolote. Na usizikate wala kuzipaka rangi. WhatsApp ukituma kama picha inazibana na kufuta tarehe na saa iliyomo ndani ya faili, kwa hiyo tuma kama dokumenti au kwa barua pepe, na za awali zibaki kwenye simu.

Barua yenyewe ilikuwa fupi:

"Mimi ni mmiliki wa duka (jina, mtaa, namba ya simu). Tarehe fulani nilipokea katoni 20 za maziwa ya unga, risiti ya EFD na hati ya kupokelea mzigo nimeambatanisha. Katoni namba 1, 2 na 3 zina stika juu ya lebo ya awali. Namba ya bechi ya katoni hailingani na ya makopo. Tarehe kwenye vitako inaonekana kufutwa na kuandikwa upya. Sijauza hata kopo moja. Mzigo uko stoo, naomba mje kuukagua. Picha 12 zimeambatanishwa."

Ona hakuna neno "feki" wala "tapeli". Andika ulichokiona, kuhukumu waachie wao. Rasimu yangu ya kwanza nilisema bakodi inaanza na tarakimu za China wakati lebo inasema Ulaya, kwa hiyo ni bandia. Nikaja kujua tarakimu zile za mwanzo zinaonyesha namba ilisajiliwa wapi tu, si bidhaa ilitengenezwa wapi. Nikaifuta.

Chakula na vipodozi tangu 2019 viko TBS, na ofisi yao ya Kanda ya Kusini iko huku Mtwara. Forodha waandikie kama una sababu ya kuamini mzigo umevuka mpaka bila nyaraka. Hisia peke yake hapana. Nakala ya barua igongewe muhuri wa kupokelewa, na hiyo ndiyo kinga yako: inaonyesha ulitoa taarifa kabla ya kuuza.

Usimrudishie aliyekuuzia. Mwaka uliotangulia nilirudisha katoni za biskuti za namna hii hii, wiki mbili baadaye nikaziona duka la jirani zikiwa na stika mpya.

Kwangu walikuja, wakahesabu, wakachukua sampuli, wakaufungia mzigo na kunisainisha fomu. Hela ofisi haikurudishii, hiyo ni kati yako na aliyekuuzia. Wa kwangu alilipa nusu, nusu nyingine bado ananizungusha.