Meseji za mtaani kabla hujazitafsiri: anza na herufi h

Ukianza kazi ya kutafsiri, utaletewa meseji za simu mapema kuliko unavyofikiri. Wakili anataka mazungumzo ya wateja wake yawekwe kwa Kiingereza, mtu aliye ughaibuni anataka mwenzi wake aelewe msimamizi wa nyumba yao kaandika nini, shirika linataka kusoma malalamiko ya wananchi. Maandishi hayo hayafanani na yale uliyofundishwa darasani, na ukiyatafsiri moja kwa moja jinsi yalivyo utapotoka bila kujua. Ninachofanya mimi ni kuweka hatua moja katikati: naandika upya meseji yote kwa Kiswahili cha kawaida, neno kwa neno, chini ya ile ya awali. Ya awali siigusi hata herufi moja. Tafsiri inatoka kwenye hili andiko la pili, na kazi ngumu yote iko hapo.

Tuchukue mfano, ambao nimeutunga kwa kufuata meseji za aina hii. Msimamizi wa nyumba Dar es Salaam anamwandikia mwenye nyumba:

"Mambo bro. ss ni hv, uyu mpangaji wa chumba cha nyuma kanambia kodi ya mwez huu atalipa, anasema ela ajapata ofcn. nmempa mpk tar 15. wa2 wa maji walikuja leo ila ckuepo wakaacha kalatas. 2wasiliane bac"

Sehemu kubwa inajisafisha yenyewe. "Ss" ni sasa, "hv" ni hivi, "mpk" ni mpaka. Herufi c inasimama badala ya "si", kwa hiyo "ofcn" ni ofisini, "ckuepo" ni sikuwepo, "bac" ni basi. Tarakimu 2 iliyogandishwa na herufi ni "tu": "wa2" ni watu, "2wasiliane" ni tuwasiliane. "Kalatas" ni karatasi, kwa mtu anayechanganya l na r. "Kanambia" ni kaniambia, na hiyo ka- ya mazungumzo ya Tanzania ina maana ya "ameniambia", si "akaniambia" ya hadithi. Mgeni wa lahaja hiyo hujikwaa hapo, lakini akishaielezwa mara moja hasahau.

Linalobaki ni neno moja tu: "atalipa". Na ndilo neno ambalo mwenye nyumba analisubiri.

Angalia jinsi mwandishi huyu anavyoandika. "Uyu" badala ya huyu, "ela" badala ya hela, "ajapata" badala ya hajapata. Anadondosha h. Basi "atalipa" yake inaweza kuwa atalipa kweli, na inaweza kuwa hatalipa. Ukiitafsiri kwa haraka kama inavyosomeka, umemwambia mwenye nyumba kwamba kodi inakuja, wakati huenda aliandikiwa kwamba haiji.

Habari njema ni kwamba h ikidondoka, kwa kawaida sarufi inabaki na alama nyingine ya ukanushi, na ukizijua alama hizo hofu inapungua sana. Katika "ajapata", -ja- peke yake inatosha, kwa sababu hakuna "ajapata" ya kukubali katika wakati huo. Kukubali kungekuwa "amepata". Katika "akulipa" kuna -ku-, ambayo ni ya kukanusha wakati uliopita. Katika "alipi" kuna i ya mwisho, na -na- ya wakati uliopo imeondoka. Wingi nao uko salama: "awatalipa" haiwezi kuwa watalipa, "atutalipa" haiwezi kuwa tutalipa, kwa sababu ile a ya mwanzo imebaki kama ushahidi kwamba palikuwa na ha-. Hata ngeli za vitu ziko salama kwa sababu hiyohiyo: "aitafika" ni haitafika.

Hatari inabaki pale ambapo ha- imemezana na kiambishi cha mtu mmoja. Ha- na a- zinakuwa ha-, ha- na u- zinakuwa hu-. Ukiondoa h hapo, na kitenzi kikawa hakina alama nyingine ya ukanushi, hakuna kinachobaki cha kutofautisha. Kwa hiyo ninapopokea maandishi ya mtu anayedondosha h, navizia maumbo machache tu: "ata-" na "uta-" za wakati ujao, "ana" na "una" za kumiliki (ana ela, una ela), na "ange-" na "unge-". Hayo nayapigia mstari yote, hata yale yanayoonekana wazi. Mengine naendelea nayo.

Kuna pia wale wanaofanya kinyume, wanaoongeza h pasipohitajika: "hasante", "hacha", "hamelipa". Hapa napo sarufi inasaidia. "Hamelipa" haiwezi kuwa kanusho, kwa kuwa -me- ikikanushwa inakuwa -ja-. Basi ni amelipa. "Hanasema" vilevile ni anasema. Lakini "hatalipa" ya mtu wa namna hii inaweza kuwa atalipa, na unarudi kwenye shimo lilelile kutokea upande wa pili.

Sasa turudi kwa msimamizi wetu. Kitu cha kwanza ni kuomba meseji zake nyingine, hata za mambo yasiyohusiana. Mteja akikutumia skrinshoti moja, mwombe na zilizotangulia. Ukikuta kila mahali anaandika "hapa", "hela", "hajafika" kwa h, unaweza kuiamini "atalipa" yake. Ukikuta anachanganya, kama huyu aliyeandika "uyu" na "huu" ndani ya sentensi moja, basi h yake haikuambii lolote na inabidi utafute ushahidi kwingine. Simu nayo inachangia: inapendekeza maneno iliyokwisha kuyazoea, hivyo neno moja linatoka na h na jirani yake linatoka bila.

Kitu cha pili ni mantiki ya sentensi. "Anasema ela ajapata ofcn" inavuta upande wa hatalipa, maana inasikika kama sababu. Lakini inaweza pia kuwa maelezo ya kwa nini hajalipa bado ingawa atalipa. "Nmempa mpk tar 15" haimalizi ubishi: unaweza kumpa muda mtu aliyeahidi, na unaweza kumpa muda mtu aliyekataa. Kinachoweza kuamua ni tarehe ya meseji, kitu ambacho wanaoanza husahau kukiangalia. Kama ilitumwa tarehe 3, basi tarehe 15 iko ndani ya mwezi huohuo na njia zote mbili za kuisoma zinasimama. Kama ilitumwa tarehe 20, tarehe 15 ni ya mwezi ujao, na "mwezi huu hatalipa" inapata nguvu kubwa. Skrinshoti ikikatwa juu, tarehe inapotea. Iombe.

Nimekaa kwenye h kwa sababu ndiyo inayogeuza ndiyo kuwa hapana. Makosa mengine mengi huwa yanaonekana, ila kuna machache ya kuangalia kwa jicho hilohilo. L na r kwa kawaida hazidhuru, mpaka ufike kwenye "mahali" na "mahari": familia mbili zikiandikiana "tushakubaliana mahali", huwezi kujua kama wamepata ukumbi au wamepatana mali ya bibi harusi bila kusoma meseji za kabla. Tarakimu 2 nayo ina mtego wake ikisimama peke yake. "Njoo na wa2 2" ni watu wawili, au ni watu tu? Na usiguse kamwe namba za fedha na saa ukidhani unasahihisha. "Elf 5" iandike elfu 5, lakini "500" inayoonekana ndogo mno kwa kodi ibaki 500, na wasiwasi wako uende pembeni kama maelezo. Kwenye kibodi ya simu, u na i zimepakana, kwa hiyo "utafika kesho" inaweza kuwa "itafika kesho". Tazama kinachozungumziwa: mzigo utafika, barua itafika, wewe utafika.

Lahaja inahitaji tahadhari ya aina nyingine, kwa sababu humo hakuna kosa lolote. Msimamizi wa Nairobi akiandika "kodi analipanga tarehe 5", Mtanzania anaweza kuona kitenzi "panga" na kuanza kuwaza mpangilio au upangaji wa nyumba. Hakuna panga hapo. Kitenzi ni lipa, na -ang- ya Kiswahili cha bara ya Kenya inaonyesha mazoea: huwa analipa tarehe 5. Kanusho lake ni "halipangi", huwa halipi. Kule kule "ako kazi" ni yuko kazini. Na mtu wa Unguja akikuandikia kwamba baba "kaenda shamba", huenda hajashika jembe. Shamba ni sehemu za vijijini, nje ya mji. Katika andiko langu la pili maneno haya siyabadilishi hovyo. Nayaacha kama yalivyo na kuweka maana pembeni, kisha naitafsiri maana. Kabla ya yote uliza meseji imetoka wapi. Jibu la neno moja, Kisumu au Tanga au Bukavu, linakuokolea saa nzima ya kubahatisha.

Usipoweza kuamua, muulize mteja, naye amuulize aliyeandika. Lakini angalia swali linavyoundwa. Ukiuliza "ulimaanisha hatalipa?", umeshamwekea jibu mdomoni, na akijibu "ndio atalipa" mmerudi mlipokuwa. Uliza kwa wakati uliopo: "Mwezi huu mpangaji analipa au halipi?" Hapo hata akidondosha h, atakuandikia "alipi", na i ya mwisho itasema ukweli.

Meseji ikiwa ni ushahidi wa kesi, wewe mtafsiri usimtafute aliyeandika. Hilo ni la wakili. Kazi yako ni kutafsiri usomaji unaouona una uzito zaidi, kuweka alama kwenye neno hilo, na kuandika chini maelezo mafupi: mwandishi huacha herufi h mara kwa mara (taja "uyu", "ela", "ajapata"), neno "atalipa" linaweza kusomeka pia kama "hatalipa", na meseji peke yake haitoshi kuamua. Mpelekee maelezo hayo pamoja na meseji ya awali na andiko lako la pili, vyote vitatu kwenye ukurasa mmoja, ili asiyejua Kiswahili aone ni neno lipi hasa limebaki na shaka.